Bili ya yuniti 25: Mwanagenzi anapomwandikia jibu mteja wa Rukanga

Wiki ya kwanza ya atachi kila mtu anaijua. Unatumwa maziwa ya chai, unapanga mafaili kabatini, unaulizwa kama unaweza kurekebisha printa. Wiki ya tatu hivi ndio bosi anakuwekea barua mezani na kusema, "Hebu andika jibu la huyu mteja, nitaliangalia kabla ya saa kumi." Basi. Hakuna maelezo zaidi. Na usiidharau hiyo barua. Kwa wengi wetu ndicho kitu cha kwanza tutakachoandika ambacho kitamfanya mtu alipe pesa au asilipe.

Tuchukue kisa kimoja cha mfano, tukifuate hadi mwisho. Ofisi ni ya huduma ya maji, iko Voi. Mteja ni mama mwenye hoteli ndogo ya chai na chapati pale Rukanga, Kasigau. Kampuni sitaji, mama hana jina, na bei za maji nimezifanya namba za duara ili hesabu isitutoe jasho. Lakini mambo yenyewe, jinsi yanavyotokea na jinsi yanavyoharibika, ni ya kweli, na ukikaa kwenye dawati la malalamishi utakutana nayo.

Kwa wasioijua Kasigau: ukitoka Voi unashika barabara ya Mombasa hadi Maungu, halafu unakata kulia na kuingia ndani, vumbi na vichaka, hadi uuone mlima mbele yako. Mlima Kasigau una zaidi ya mita 1,600, na vijiji vimeuzunguka: Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi. Chemchemi za huko juu ndizo zimewanywesha watu wa chini miaka nenda miaka rudi, maji yakishuka kwa mabomba bila pampu. Ni mbali na ofisi. Huo umbali ukumbuke, ndio utakaotuletea shida.

Barua ya mama imeandikwa kwa mkono, karatasi ya daftari ya shule. Anasema Februari alilipa shilingi 400, Machi akalipa 400, na sasa Aprili ameletewa 3,170 za yuniti 25. Hoteli yake haijaongeza hata meza moja. Anasema pia kwamba maji yakipotea siku mbili tatu halafu yarudi, bomba hutema hewa kwanza na mita inakimbia, kwa hivyo ofisi inamuuzia upepo. Mwisho anaomba maji yasikatwe kwa sababu hoteli ndiyo inayosomesha watoto.

Mwanagenzi wetu, tumuite kijana, amesoma. Ana diploma njiani. Kwa dakika ishirini ameshachapa hivi:

"Tunasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Baada ya uchunguzi, ilibainika kwamba bili yako ni sahihi kulingana na usomaji wa mita. Huenda tembo walivunja bomba katika eneo lako na kusababisha upotevu wa maji. Unashauriwa kulipa deni lako mara moja ili kuepuka kukatiwa huduma. Asante kwa kuwa mteja wetu."

Ukiisoma haraka inasikika kama barua ya ofisi. Ndio ujanja wa lugha hiyo, inasikika tu. Bosi wake, madam mmoja wa miaka hamsini na kitu aliyeanza kazi akisoma mita kwa miguu, alichukua kalamu nyekundu na hakurekebisha sarufi hata mahali pamoja. Aliandika maswali pembeni. Kwenye "usumbufu wowote" aliandika: upo au haupo? Kwenye "ilibainika": na nani? lini? Kwenye tembo: nani alikwambia?

Hilo la tembo lina mvuto, nakubali. Ukanda wa Tsavo, kiangazi, tembo mwenye kiu akinusa maji ndani ya bomba au tangi, atalivunja. Kila mtu huku anajua. Ndiyo sababu ni hatari kuliandika bila ushahidi: linaaminika kirahisi mno. Isitoshe, halijibu swali. Bomba likivunjwa porini, maji yanapotea kabla ya kufika kwa mita ya mama, na mita yake haiwezi kuhesabu maji ambayo hayajapita ndani yake. Madam alikuwa na neno moja tu kwa hiyo sentensi. Alichora mstari.

Halafu akamwambia kijana, "Mwanangu, weka kompyuta kando kwanza. Niletee leja."

Hapa ndipo kazi inapoanza. Leja ya mteja, hata kama siku hizi iko kwenye skrini, ni safu ya usomaji wa mita mwezi baada ya mwezi, na pembeni ya kila namba kuna alama ya kuonyesha kama mita ilisomwa kweli au ilikadiriwa. Ofisi nyingi hukadiria pale msomaji mita anapokosa kufika: geti limefungwa, pikipiki imeharibika, mvua imekata barabara. Ya mama ilisema hivi. Oktoba yuniti 11, Novemba 10, Desemba 12, Januari 11, zote za kusomwa, na namba iliyokuwa kwenye mita Januari ni 412. Februari, yuniti 4, makadirio. Machi, 4 tena, makadirio. Kwenye karatasi mita ikawa imefika 420. Halafu Aprili msomaji akafika Rukanga kwa macho yake na kukuta 445.

Toa 420 kwa 445 unapata 25. Bili imechapishwa, mama amepiga ukemi.

Lakini toa 412 kwa 445. Unapata 33, na ni za miezi mitatu. Gawa kwa tatu: 11 kwa mwezi. Yaani mama ametumia maji kama anavyotumia siku zote, si zaidi wala si pungufu. Yuniti moja ni lita 1,000, mitungi 50 ya lita 20, kwa hivyo 11 ni kama mitungi 18 kwa siku. Kwa nyumba na hoteli ya chai, inaingia akilini. Hiyo 25 peke yake ingekuwa mitungi zaidi ya 40 kila siku, na mama ana haki ya kucheka.

Kwa hivyo mama anasema kweli kwamba Aprili hakutumia yuniti 25. Na mita nayo inasema kweli. Kilichodanganya ni ile 4 ya katikati. Makadirio ya haki hutokana na wastani wa mteja mwenyewe, ambao uko pale pale kwenye leja, 11. Mtu aliweka 4 kwa sababu ilikuwa rahisi, na mama akalipa 400 mara mbili akidhani labda wateja wamepungua.

Sasa ungesema: si sawa tu, maji alitumia, alipe? Ndivyo kijana alivyosema. Madam akamwekea kikokotoo mbele.

Bei ya maji huku kwetu hupanda kwa ngazi. Unavyotumia mengi, ndivyo yuniti ya juu inavyokuwa ghali, ili anayenyunyizia bustani alipe zaidi ya anayepika ugali. Tuseme yuniti 6 za kwanza ni shilingi 100 kila moja, kuanzia ya 7 hadi ya 20 ni 130, na kutoka 21 kwenda juu ni 150. Bili ya Aprili ya yuniti 25: 600 za ngazi ya kwanza, 1,820 za ya pili, 750 za ya tatu. Jumla 3,170. Jumlisha na zile 800 alizokwisha lipa, miezi mitatu imemgharimu 3,970.

Kama mita ingesomwa kila mwezi, angelipa yuniti 11 mara tatu. Kila mwezi 600 za ngazi ya kwanza na 650 za ya pili, yaani 1,250. Mara tatu ni 3,750.

Tofauti ni shilingi 220. Maji ni yale yale, mita ni ile ile, lakini kwa vile ofisi ilizirundika yuniti kwenye mwezi mmoja, nyingine zikapanda ngazi ambayo mama hajawahi kuifikia maishani. Pesa kidogo? Labda kwako wewe unayeisoma hii ukinywa kahawa ya bei hiyo. Cha muhimu ni kwamba si pesa ya ofisi. Na zidisha na kila nyumba ambayo pikipiki haikufika miezi ile miwili.

Hapo barua ilishajiandika nusu. Ilibaki hewa.

Hili la hewa vijana wa ofisini hulicheka, na hawafai. Penye mgao ni jambo la kweli kabisa. Bomba likikauka linajaa hewa, na maji yakirudi yanaisukuma mbele yake. Ukiwa umeacha mfereji wazi, hewa hiyo inapita kwenye mita na kuizungusha. Dawa yake ya nyumbani ni rahisi, usiache mfereji wazi wakati maji yamepotea. Lakini je, ndiyo iliyopandisha bili hii? Angalia zile 33. Kama hewa ingekuwa imeongeza kitu miezi hiyo, jumla ingezidi kawaida yake. Haikuzidi. Kijana alimwomba mama picha ya mita kwa WhatsApp, tarehe 20 Aprili, siku sita baada ya usomaji. Ilionyesha 447. Yuniti 2 kwa siku sita, mwendo wa 11 kwa mwezi, tena vizuri. Kesho yake fundi aliyekuwa Rukanga kwa kazi nyingine akapita hotelini, wakafunga mifereji yote, yeye na mama wakatazama kile kigurudumu kidogo usoni mwa mita kwa robo saa. Kikizunguka wakati kila kitu kimefungwa, kuna mahali panavuja. Hakikusonga.

Wakati haya yote yanaendelea, kuna kitu kingine madam alikuwa amekifanya mapema, kabla hata ya kuomba leja. Alisaini karatasi ya kutoa namba ya akaunti ya mama kwenye orodha ya kukatiwa maji. Wanagenzi wengi hawajui kwamba orodha hiyo huchapishwa na kupewa mafundi, na fundi hasomi barua za malalamishi. Unaweza kumwandikia mteja Jumatano kwamba hatakatiwa, na Alhamisi fundi akafika na spana. Hiyo ndiyo barua mbaya kuliko zote, ile yenye ahadi ambayo ofisi yenyewe haijui imeiahidi.

Ndiyo maana mwanagenzi hapeleki barua tupu kwa bosi. Anaibana pamoja na karatasi fupi ya mbele. Mteja analalamikia nini, nimepata nini na ushahidi uko wapi, napendekeza nini, na ni kipi kinachohitaji uamuzi wako. Hii ya mwisho ndiyo nzito. Kijana hawezi kupunguza bili kwa shilingi 220, hana mamlaka. Hawezi kumpa mteja awamu za kulipa. Hawezi kuandika "kosa ni letu" kwa jina la ofisi kabla ya mwenye ofisi kukubali. Alichofanya ni kuandika mambo hayo matatu kama maswali. Madam akapeleka kwa meneja, akarudi na ndiyo tatu. Kisha rasimu ya pili ikaandikwa:

"Kwako Bi.,

KUH: BILI YAKO YA APRILI YA YUNITI 25

Tumepokea barua yako ya tarehe 17 Aprili. Umeuliza kwa nini bili imefika shilingi 3,170 ilhali Machi ulilipa 400, na kama mita yako inahesabu hewa.

Bili ilipanda kwa sababu hatukuisoma mita yako Februari na Machi. Tulikadiria yuniti 4 kila mwezi, ilhali matumizi yako ya kawaida ni yuniti 10 hadi 12. Tulipoisoma tarehe 14 Aprili, yuniti zilizobaki za miezi hiyo ziliingia zote kwenye bili moja. Kosa hilo ni letu na tunakuomba radhi.

Kuhusu hewa, mita ilitoka 412 Januari hadi 445 Aprili. Hizo ni yuniti 33 kwa miezi mitatu, sawa na 11 kwa mwezi, ambayo ni kawaida yako. Tarehe 21 fundi wetu aliijaribu ukiwepo, mifereji ikiwa imefungwa, na haikusonga. Hatukupata dalili kwamba hewa imeongeza bili hii.

Tumezigawa yuniti 33 katika miezi mitatu, kila mwezi kwa bei yake. Jumla ni shilingi 3,750. Umekwisha lipa 800. Deni lako sasa ni 2,950, si 3,170. Unaweza kulilipa kwa awamu tatu, Mei 1,000, Juni 1,000 na Julai 950, pamoja na bili ya kila mwezi. Hutakatiwa maji kwa deni hili ukizingatia awamu hizo.

Usiporidhika na jibu hili, mwandikie Meneja wetu Voi. Bado usiporidhika, una haki ya kulalamika kwa WASREB, bodi inayosimamia huduma za maji nchini.

Wako,

Kny Meneja"

Linganisha na ile ya kwanza. Hakuna "ilibainika". Kuna "hatukuisoma", "tulikadiria", "tulipoisoma". Kiswahili kina hiyo hatari, kitenzi kinakubali kusimama bila mtu: yalifanyika, ilitokea, imechelewa. Kwenye barua ya ofisi maneno hayo ni kama pazia. Wakati huohuo angalia kisichokuwepo. Msomaji mita hatajwi jina, wala pikipiki yake. Hayo ni ya ndani, madam atayamaliza na mhusika ana kwa ana. Mteja anahitaji kujua ofisi ilifanya nini, hahitaji mtu wa kumchukia huko Maungu stendi.

Kijana alitaka pia kuongeza mstari kwamba kuanzia sasa mita itasomwa kila mwezi bila kukosa. Madam aliufuta, na nadhani alifanya vyema. Kwa barabara ile na pikipiki moja hiyo si ahadi, ni maombi. Aliloweza kusema bila kudanganya alilipeleka kwingine, kwa kuagiza kwamba akaunti yoyote ya Kasigau itakayokosa kusomwa ikadiriwe kwa wastani wa mwenyewe.

Kuna waliouliza mbona isiandikwe kwa Kiingereza, ndiyo barua ya ofisi. Mama aliandika Kiswahili. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekiweka Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza, kwa hivyo barua haipungui uzito hata gramu moja. Na kifungu cha 47 kinasema uamuzi wa kiutawala ukigusa haki yako, lazima upewe sababu kwa maandishi. Sababu usiyoweza kuisoma ni sababu gani? (Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini hiyo naielewa.)

Ile ya WASREB mwishoni baadhi ya mabosi huiogopa, wanaona ni kama kumwonyesha mteja mlango wa mahakama. Sheria ya Maji ya 2016 ndiyo iliyoipa bodi hiyo kazi ya kuweka utaratibu wa malalamishi ya wateja, kwa hivyo mlango upo hata usipoutaja. Na barua ikifika huko, wa kwanza kusomwa ni wewe uliyeiandika, ukiwa na leja yako, picha ya 447 na karatasi ya fundi. Faili likiwa na vitu hivyo vitatu, hakuna kitu cha kuogopa. Likiwa na tembo, pole.

Madam alisaini mwenyewe. Kijana hasaini chochote, jina lake liko tu kwenye karatasi ya mbele iliyobaki ndani ya faili. Nakala mbili zikachapishwa, mhuri ukagongwa, na kwa vile posta hadi hotelini ni hadithi ndefu, zikapewa fundi aliyekuwa anapanda Rukanga Alhamisi. Mama akaisoma akiwa amesimama jikoni, akauliza kama ile 1,000 ya Mei inaweza kuingia kwa M-Pesa kwa paybill ile ile, akaambiwa ndiyo, akasaini nakala ya pili kwa kidole chenye unga. Hiyo nakala ilirudi Voi jioni na alama ya unga bado ipo.